Hesabu ya Taa Moja

Fundi umeme anayetafuta kazi kwa barua pepe huwa na sentensi moja ambayo haachi kuiandika: "Tutakupunguzia gharama za umeme hadi asilimia 50." Meneja wa duka akiisoma hana la kufanya nayo. Hawezi kuikubali na hawezi kuikataa, kwa sababu hajaambiwa hiyo asilimia 50 imetoka wapi. Anaifunga barua na kuendelea na kazi zake. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi fundi huyo anasema kweli, na duka lile kila mwezi linaunguza fedha ambayo lingeweza kubaki nayo.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo mafundi wetu wanaifanya kila siku: kutoa tyubu za zamani zenye choki na stata, na kuweka tyubu za LED. Duka letu liwe supamaketi ndogo ya Dar es Salaam yenye tyubu 60 za futi 4 kwenye eneo la mauzo, mafriza machache upande wa nyuma, kiyoyozi kimoja na mashine za kaunta. Inanunua umeme wa LUKU wa kama shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Tyubu ya zamani imeandikwa wati 36 na ya LED imeandikwa wati 18, kwa hiyo asilimia 50 ya fundi ni sahihi kabisa kwa upande wa taa.

Lakini meneja hasomi asilimia 50 ya taa. Anasoma asilimia 50 ya umeme wake, na kichwani mwake zinatokea shilingi 600,000. Kazi ikifanyika, mwezi unaofuata atakuta amepunguza kama laki moja, yaani sehemu moja kati ya 12 ya alichokuwa akilipa. Friza hazijui habari za taa. Zinakula umeme wao usiku na mchana kama zamani. Laki moja kwa mwezi ni fedha nzuri kwa duka la namna hiyo, ila kwa mtu aliyekuwa akisubiri laki sita itaonekana ni utapeli, na fundi atapoteza hata wateja ambao meneja huyo angempelekea. Hatari ya asilimia katika barua ya kuomba kazi iko hapo. Inaficha ni nini kinachopimwa, na msomaji huijazia mwenyewe kwa kile anachokitamani.

Dawa yake ni kuacha asilimia na kuandika hesabu ya shilingi, tena fupi, ambayo kila namba iliyomo meneja anaweza kuihakiki bila kumpigia simu fundi. Namba ya wati iandikwe vile ilivyo kwenye tyubu yenyewe, saa ziwe zile zilizobandikwa mlangoni, na bei ya uniti itoke kwenye risiti yake ya LUKU. Bei ya kazi ndiyo namba pekee anayoileta fundi, na hiyo ni ahadi yake, atabanwa nayo. Kama kuna namba ya tano ambayo haina pa kuonekana dukani, binafsi ningeitoa.

Barua yenyewe ingekuwa hivi:

*Kichwa: Taa za dukani kwako – hesabu ya umeme*

*Ndugu Meneja, habari za kazi.*

*Jumanne nilinunua bidhaa dukani kwako nikaona taa za eneo la mauzo ni tyubu za futi 4 za wati 36. Nilihesabu kama 60, stoo sikuingia. Nafanya kazi ya kuzibadilisha kuwa LED za wati 18. Hesabu ya taa moja ni hii:*

```
36 - 18 = 18            wati zinazopungua
18 x 10 x 26 = 4,680    saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi
4,680 / 1,000 = 4.68    uniti kwa mwezi
4.68 x 350 = 1,638      shilingi kwa mwezi
```

*Kwa taa 60 ni kama shilingi 98,000 kwa mwezi. Bei yangu ni 10,000 kwa kila taa, tyubu na ufundi pamoja, yaani 600,000 kwa zote. Fedha hiyo inarudi katika mwezi wa saba.*

*Saa nimezichukua kwenye kibao cha mlangoni. Bei ya uniti nimekadiria 350. Tafadhali gawa fedha kwa uniti kwenye risiti yako ya LUKU uone kama inakaribia. Kama namba yoyote si sahihi, weka ya kwako, hesabu itakwenda vilevile. Friza na kiyoyozi havimo.*

*Nina leseni ya ufundi umeme ya EWURA. Ukihitaji, nitakuja kubadilisha taa mbili kwanza uone mwanga wake.*

Barua imeisha hapo. Inasomeka kwenye simu kwa muda mfupi, na meneja mwenye shaka anaweza kufungua kikokotoo cha simu hiyohiyo akarudia mistari minne. Ninapenda sana kwamba hesabu ni ya taa moja. Mafundi wengi huanza na duka zima: taa 60, wati 2,160, uniti 562, kisha za LED, kisha tofauti. Kila hatua inazaa namba kubwa zaidi, na msomaji anapoteza uzi njiani. Hesabu ya taa moja ina namba ndogo, na pia ina faida nyingine ambayo haionekani mara moja. Muda wa fedha kurudi hautegemei idadi ya taa hata kidogo. Taa moja inaokoa shilingi 1,638 kwa mwezi na inagharimu 10,000. Ziwe taa 10 au 200, itachukua miezi sita na siku chache. Kwa hiyo fundi akikosea kuhesabu taa, jambo ambalo ni rahisi kutokea kwa mtu anayesukuma kitoroli huku akitazama dari, kiini cha barua yake hakivunjiki.

Sasa tuingie kwenye kila namba, maana ndipo barua hizi huharibikia.

Tuanze na zile wati 36. Fundi mzoefu ataniambia kwamba namba hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Tyubu ya zamani haifanyi kazi peke yake. Ina choki, lile pande zito la chuma na waya lililojificha ndani ya kasha, na choki nayo inakula umeme wake na kuugeuza joto. Ukiligusa kasha taa ikiwa imewaka muda mrefu utalihisi. Choki ya kawaida huongeza wati kati ya 6 na 10, kwa hiyo taa iliyoandikwa 36 inavuta kama 45. Ukihesabu kwa 45, taa moja inaokoa wati 27, na duka zima linaokoa karibu uniti 421 kwa mwezi, sawa na shilingi 150,000 hivi. Tofauti ya 98,000 na 150,000 si ndogo, na kishawishi cha kuandika namba kubwa kinaeleweka.

Hata hivyo nashikilia 36. Meneja akipanda ngazi na kusoma maandishi kwenye tyubu atakuta 36, wala hatakuta 45 mahali popote. Fundi akiandika 45 itambidi aongeze aya nzima kueleza habari za choki, na meneja ambaye hajawahi kuiona choki atalazimika kumwamini tu. Vilevile si kila kasha lina choki ya chuma. Kuna yenye choki ya kielektroniki, nyepesi, ambayo haipotezi umeme kiasi hicho, na ukiwa chini huwezi kujua kwa hakika ni ipi. Kwa namba 36 fundi yuko salama katika hali zote mbili. Ile laki na nusu, kama ipo kweli, mita itaionyesha yenyewe baada ya kazi, na mteja aliyeahidiwa 98,000 akaona zaidi hana sababu ya kulalamika.

Saa 10 zinatoka mlangoni: saa 3 asubuhi hadi saa 1 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hapa ndipo wengine huteleza kwa kuandika saa 24, au kwa kuhesabu mwezi wa siku 30 katika duka linalofungwa Jumapili. Meneja anajua saa zake kuliko mtu mwingine yeyote. Akiona saa 24 kwenye barua wakati duka lake linafungwa saa 1, hatasoma mstari unaofuata. Na saa ndiyo namba yenye nguvu kuliko zote katika hesabu hii, kwa sababu ukizikata nusu, muda wa fedha kurudi unakuwa mara mbili. Nitairudia hoja hii tukifika stoo.

Bei ya uniti ina mtego wake. Mteja wa kundi la T1, ambalo ndilo la biashara ndogo na za kati, ana bei ya msingi ya shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla inakuwa kama 356. Ndiyo maana umeme wa shilingi 10,000 humpa mteja wa T1 uniti 28.1. Fundi anaweza kuandika 356 na kuyaeleza makato yote hayo, na atakuwa sahihi, lakini ameshaingiza namba nne mpya. Kumwambia meneja agawe fedha kwa uniti kwenye risiti yake kunamaliza suala lote kwa sentensi moja, na hata bei ikibadilishwa kesho barua haitakuwa na kosa. Kuandika 350 badala ya 356 kunapunguza shilingi chache upande wa fundi na kunaifanya hesabu iwe nyepesi.

Mtego wenyewe ni kodi ya jengo. Inakatwa kwenye LUKU mara moja kwa mwezi, na hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza. Mtu akinunua umeme wa 10,000 tarehe mosi na kukatwa 1,500 ya jengo, anapata kama uniti 23.9. Akigawa 10,000 kwa 23.9 anapata 418, na atadhani fundi amekosea au bei imepanda. Kwa duka linalonunua umeme wa laki kadhaa kwa mkupuo, 1,500 inamezwa na haionekani sana. Kwa duka dogo linalonunua kidogo kidogo, tofauti ni kubwa. Fundi anayemwandikia mwenye duka dogo aongeze maneno haya: tumia risiti ya katikati ya mwezi, ile isiyo na makato ya jengo. Ni sentensi fupi, na inamwonyesha msomaji kwamba aliyeandika ameshawahi kuitazama risiti ya LUKU kwa makini.

Yote hayo ni uhakiki wa karatasi. Uko mwingine ambao naupenda zaidi, kwa sababu hauhitaji kumwamini mtu wala kibandiko cha kiwandani: mita yenyewe. Mita nyingi za LUKU zina kitaa kidogo chekundu usoni kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika, na pembeni yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Namba hiyo hutofautiana kati ya mita na mita, kwa hiyo lazima isomwe kwenye mita ya mteja.

Tuchukue mita ya 1000. Duka likishafungwa jioni, zima kila kitu isipokuwa taa 60 za eneo la mauzo. Friza nazo zizimwe kwenye swichi kwa dakika chache. Zikiwa zimefungwa milango hakuna kitakachoyeyuka. Hili ni la lazima kwa sababu kompresa ya friza huwaka na kuzimika bila kukuarifu, na ikiwaka katikati ya kuhesabu, namba yako imeharibika. Kisha shika simu yenye saa, simama mbele ya mita, hesabu kitaa kinapepesa mara ngapi kwa dakika moja. Taa 60 za wati 36 ni wati 2,160, yaani uniti 2.16 kwa saa. Hiyo ni mipepeso 2,160 kwa saa, na ukigawa kwa dakika 60 unapata 36. Kwa bahati, duka lenye taa 60 na mita ya 1000 hutoa namba ileile iliyoandikwa kwenye tyubu: 36 kwa dakika. Ukihesabu 45, choki zimejitokeza zenyewe. Ukipata 30, basi taa kadhaa zimeshakufa au si za wati 36, na hesabu ya barua lazima ishushwe. Baada ya kazi, mita hiyohiyo inatakiwa ipepese kama mara 18.

Kama unahesabu peke yako, dakika moja inatosha lakini rudia mara mbili. Na ukimaliza usiwashe friza papohapo. Zipe dakika chache kompresa zitulie. Jambo hili fundi analijua, ila meneja anayejipimia huenda halijui, kwa hiyo liandikwe. Ningeiweka njia hii ya kupima kwenye barua ya pili, pale meneja anapojibu na kuuliza. Ikikaa kwenye barua ya kwanza itaifanya iwe ndefu na hesabu ya mistari minne itapotea katikati ya maelezo. Kinachotosha mwanzoni ni kwamba fundi anajua kipimo kipo na yuko tayari kusimama mbele ya mita pamoja na mteja, kabla ya kazi na baada yake.

Kuna maduka ambayo barua hii haifai kupelekwa, na kuyatambua ni sehemu ya kazi. La kwanza ni lile ambalo tayari lina LED. Ukiwa chini unaweza kutofautisha: tyubu ya zamani inatoa mwanga kuzunguka mwili wake wote, na ikizeeka ncha zake huwa nyeusi; ikiwashwa huchezacheza kwanza kabla haijatulia. Tyubu ya LED ina mgongo usiopitisha mwanga, inaangaza upande mmoja tu, na huwaka mara moja. Fundi asiyetazama hayo atamwandikia mtu ambaye alishabadilisha taa zake mwaka jana, na barua itafutwa kabla ya mstari wa pili.

La pili ni duka kubwa au kiwanda kilicho kundi la T2. Huko bei ya uniti ni ndogo kuliko ya T1, lakini kuna malipo mengine kwa KVA, yanayotegemea kilele cha matumizi ya mwezi. Ukigawa jumla ya bili kwa uniti unapata wastani unaochanganya vitu viwili, na taa zinaweza zisikiguse kilele hicho hata kidogo kama mashine kubwa zinawaka wakati taa zimezimwa. Hesabu ya mistari minne itatoa namba, ila namba hiyo haitakuwa ya kweli. Kwa mteja wa namna hiyo, fundi achukue bei ya uniti peke yake, bila KVA, aseme wazi kwamba ameacha KVA, na akubali kwamba akiba itaonekana ndogo zaidi.

Suala la mwanga wenyewe nalo linahitaji sentensi moja ya ukweli. Tyubu ya LED ya wati 18 hutoa mwanga mchache kwa jumla kuliko tyubu mpya ya zamani ya wati 36. Inafidia kwa kuuelekeza wote chini badala ya kuupoteza darini, na pia kwa sababu tyubu za zamani zilizopo dukani zimeshafifia kwa umri. Katika maduka mengi rafu zinaonekana vizuri vilevile au zaidi. Lakini penye dari refu sana, au penye kasha lenye kioo cha kurudisha mwanga chini, mteja anaweza kuona giza, na akidai taa za nyongeza hesabu yote inabadilika. Ndiyo maana barua ilisema fundi atabadilisha mbili kwanza. Ni bora zifungwe kwenye njia moja ya rafu, pembeni ya zile za zamani, na meneja aziangalie jioni jua likiwa limezama.

Dalili kwamba barua imefanya kazi ni meneja kujibu kwa kusahihisha namba. Anaweza kuandika: "Fundi, taa ni 60 kweli, lakini nane zimekufa, hatujazibadilisha. Na Jumamosi tunafunga saa 8 mchana." Mtu asiyejua biashara ataona amekosolewa. Kwa kweli meneja ameshaichukua hesabu na kuifanya yake, na kazi ya fundi sasa ni kuirudia mbele yake kwa namba hizo mpya. Taa zinazowaka ni 52. Jumamosi nne za saa 5 badala ya 10 zinapunguza saa 20, kwa hiyo mwezi una saa 240 badala ya 260. Taa moja inaokoa 18 mara 240, ambayo ni uniti 4.32, sawa na shilingi 1,512. Kwa taa 52 ni kama 78,600 kwa mwezi. Gharama ya 52 ni 520,000, na inarudi katika miezi 6.6. Akiba ya mwezi imeshuka kwa karibu shilingi elfu ishirini, lakini muda wa fedha kurudi umesogea kwa wiki mbili tu, na meneja ameona kwa macho yake kwa nini.

Zile nane zilizokufa zinahitaji jibu la peke yake. Taa iliyokufa haiunguzi umeme wa maana, kwa hiyo ukiweka LED mahali pake matumizi yanaongezeka: wati 18 ambazo hazikuwapo. Fundi akiziingiza kwenye akiba kama zile nyingine atakuwa amehesabu kinyume. Aziandike kando, aseme hizi ni za mwanga na si za kuokoa fedha, na kila moja ikiwaka itaongeza kama shilingi 1,512 kwa mwezi. Meneja aamue kama sehemu hiyo ya duka inahitaji mwanga.

Halafu kuna swali ambalo karibu kila meneja atauliza akishakubali: na za stoo je? Zipo 12 huko nyuma, za wati 36 zilezile, na fundi angefurahi kuongeza laki moja na elfu ishirini kwenye kazi. Lakini stoo inawashwa wakati wa kupokea mzigo tu, pengine saa moja kwa siku. Weka saa 1 badala ya 10 kwenye mistari ile minne: 18 mara 1 mara 26 ni 468, yaani uniti 0.468, na mara 350 inakuwa shilingi 164 kwa mwezi. Shilingi 10,000 kwa mwendo wa 164 kwa mwezi hurudi baada ya miezi 61, zaidi ya miaka mitano. Jibu la fundi liwe fupi, na hesabu hiyo iwe ndani yake: za stoo ziache kama zilivyo, ikifa moja nipigie, nitakuwekea ya LED badala yake.